Krimu, poda ao maji: ngozi ndiyo inachagua

(Maneno yaliyosemwa kwa kikundi cha wamama wanaopamba maharusi, Baraka)



Munakumbuka yule bibi harusi wa juzi. Saa mbili asubuhi mashavu yake yalikuwa mazuri. Saa sita, kanisani, rangi ilikuwa imeshuka karibu na midomo na kubaki madoa-madoa. Familia ikalipa nusu tu. Rangi ile haikuwa mbaya. Ngozi yake iko ya mafuta, na sisi tulipaka krimu kwa vidole.

Kwa hiyo, mbele ya kufungua kopo, mupime ngozi. Mteja anawe uso, asipake kitu, mungoje nusu saa. Kisha mukandamize karatasi laini kwenye paji la uso, pua na mashavu. Ikitoka na mafuta pote, ngozi ni ya mafuta. Ikitoka kavu na ngozi inavuta, ni kavu. Mafuta yakiwa kwenye paji na pua tu, ni ya mchanganyiko.

Ngozi ya mafuta inataka rangi ya poda, na brashi laini yenye nywele nyingi. Muchovye kidogo, mukung'ute, kisha mupake polepole. Mwenye chunusi pia ni hivyo, bila kusugua, na brashi iwe imefuliwa.

Ngozi kavu inataka krimu, kwa sababu poda inashika magamba na kuyaonyesha. Hapa vidole ni vizuri: joto lao linalainisha krimu. Lakini musiingize kidole ndani ya kopo. Mutoe kidogo kwa kijiko safi, muweke kwenye sahani, kwani kopo moja linaweza kupeleka ugonjwa wa ngozi kwa wateja wote.

Rangi ya maji inafaa ngozi ya mchanganyiko na ile ya kawaida. Shida yake, inakauka haraka. Muweke matone mawili kwenye shavu moja, mugonge-gonge na sponji yenye unyevu mpaka ienee, ndipo muende kwa shavu la pili. Mukipaka yote mawili pamoja, la pili litabaki na alama.

Sheria moja ya mwisho: vya maji na krimu vinatangulia, poda inafuata. Krimu juu ya poda inafanya mabonge.

Na kama rangi imekwisha kuteleza, kama siku ile? Sisi tuliongeza krimu, ikazidi kuharibika. Mukandamize karatasi kuondoa mafuta, bila kupangusa. Muweke poda nyepesi isiyo na rangi, halafu rangi ya poda kidogo juu yake.

Jumamosi tuna harusi ingine. Yule dada aje Ijumaa, tumupime na karatasi kwanza.