Slaidi Moja ya Kuombea Ruzuku: Mazungumzo na Viongozi wa Vikundi, Ngoliba



Wengi wenu mnakumbuka mradi wa NARIGP, uliofika Kiambu. Kikundi hakikupata pesa kabla ya kuandika pendekezo. Leo tuzungumzie slaidi moja tu ya kuwasilisha pendekezo kama hilo mbele ya kamati. Ni mchoro wa mantiki, na asili yake ni mfumo uliobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la USAID.

Slaidi hiyo ina safu tatu. Ya kwanza ni shughuli, yaani kazi tutakayofanya. Ya pili ni mazao ya kazi, yaani vitu vitakavyoonekana na kuhesabika kazi ikiisha. Ya tatu ni mabadiliko, yaani yale ambayo watu watayafanya au kuyapata tofauti na zamani. Kati ya safu na safu kuna mshale, na kila mshale husomwa hivi: "kama hili litatokea, basi lile litafuata."

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuandika "wakulima 30 wamefunzwa" kwenye safu ya mabadiliko. Hilo ni zao la kazi. Mtu anaweza kuhudhuria mafunzo, akala chakula cha mchana, akarudi kulima vile vile. Jiulize: nani anatenda katika sentensi hiyo? Kama ni kikundi au mradi, bado hujafika kwenye mabadiliko. Kama ni familia inayofanya jambo ambalo haikuwa ikifanya, umefika.

Sasa tuchukue mfano. Kikundi cha watu 30 hapa kwetu, ambako kiangazi hukausha mboga, kinaomba ruzuku ya mabwawa madogo. Slaidi yao ya kwanza inasema: tutachimba bwawa la lita 100,000 kwa kila mwanachama na kutandika karatasi nzito ya plastiki, tutapata mabwawa 30 na mabomba ya matone, kila familia itanyunyizia robo eka ya nyanya kiangazi chote.

Tuupime mshale wa pili. Robo eka ni takriban mita 1,000 za mraba. Tukikadiria kwamba kila mita ya mraba inataka lita 4 kwa siku, shamba linataka lita 4,000. Bwawa lililojaa litaisha kwa siku 25, na nyanya zinahitaji kama siku 100 au zaidi. Mshale umekatika. Mjumbe wa kamati anayejua kilimo ataliona hilo kwa dakika moja.

Dawa yake ni kupunguza ahadi. Bustani ya mita 200 za mraba inataka lita 800 kwa siku, yaani lita 80,000 kwa siku 100. Lita 20,000 zinabaki kufidia maji yanayopotea kwa jua na kuvuja. Kwa hiyo safu ya tatu sasa inasema: "Familia 30 zinavuna sukuma wiki kutoka bustani zao kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba." Ahadi ni ndogo, lakini inasimama.

Chini ya slaidi, andika mambo mnayoyategemea ambayo hayako mikononi mwenu. Hapa ni mawili: kwamba mvua ya masika itajaza bwawa, na kwamba karatasi haitatobolewa. Paa la nyumba peke yake halitoshi. Kwa kila milimita ya mvua, paa la mita 60 za mraba hutoa lita 60 tu, kwa hiyo onyesheni mtakavyoongoza maji ya barabarani au ya shambani. Karatasi nayo ilindwe kwa ua, ambao pia huzuia watoto na mifugo kutumbukia. Ua huo uwe miongoni mwa shughuli na uwe kwenye bajeti.

Bajeti nayo ipimwe kwa slaidi hii hii. Kila kitu mnachonunua kielekeze kwenye shughuli fulani. Kama mmeweka hema na viti na hakuna shughuli inayovihitaji, viondoeni kabla kamati haijauliza.

Mabadiliko yapimwe pia. Kabla ya kuanza, kila familia iandike katika daftari ni wiki ngapi ilinunua mboga kiangazi kilichopita. Bila hesabu hiyo ya mwanzo, mwaka ujao hamtakuwa na cha kulinganisha.

Mnapopanga, anzeni safu ya tatu mkirudi nyuma: tunataka nini kibadilike, kinahitaji kitu gani, na kitu hicho kinahitaji kazi gani? Mnapowasilisha, someni kutoka ya kwanza kwenda ya tatu. Mkikwama kwenye mshale wowote, rekebisheni mradi wenyewe, si maneno ya slaidi.