Neno Lisubiri Jicho: Kuandika Masimulizi ya Utalii kwa Picha za Droni

Hoja ninayoileta jioni hii inahusu kazi inayofikiriwa kuwa ya mwisho katika utengenezaji wa filamu za utalii, nayo ni kuandika maneno ya msimulizi. Desturi iliyoenea ni kwamba mwandishi hupewa mada, tuseme magofu ya Kilwa Kisiwani, akaandika kurasa zake mbili kuhusu Kilwa, kisha mhariri akailaza sauti ya maneno hayo juu ya picha zilizopigwa kutoka angani. Nadai kwamba picha ya droni haina mada tu. Ina mwendo, na mwendo huo tayari unasema jambo. Mwandishi anapaswa kuuandikia mwendo. Asipofanya hivyo, sauti na picha zitakuwa zikisimulia habari mbili kwa wakati mmoja, na mtazamaji ataifuata picha.

Tuanze na namna jicho linavyopima kasi. Rubani wa droni husoma kwenye kidhibiti chake kwamba chombo kinakwenda mita 5 kwa sekunde, na mwandishi akiandika pembeni ya mswada "mwendo wa taratibu", wote wawili hudhani wamekubaliana. Lakini mtazamaji haoni mita. Anaona jinsi ardhi inavyopita ndani ya fremu, na hilo linategemea kimo. Droni inayokwenda mita 5 kwa sekunde ikiwa mita 10 juu ya mikoko inapitisha majani haraka sana, kiasi kwamba jicho halipati pa kutulia. Ikienda kasi ileile kwa kimo cha mita 80, ardhi iliyo chini yake inaonekana kupita polepole mara nane zaidi. Ndiyo maana maelezo ya mwendo yanayotaja kasi bila kimo ni nusu ya maelezo. Yanayofaa huandikwa hivi: droni inasonga mbele, kimo mita 25, kasi mita 2 kwa sekunde, kamera imeinama kutazama chini moja kwa moja. Kwa mstari huo mwandishi aliyekaa mezani anajua kama ana nafasi ya sentensi yenye vishazi vitatu au ya maneno manne tu, kwani ardhi inapopita mbio sentensi ndefu humchosha msikilizaji kabla haijafika kwenye kitenzi.

Upande wa pili wa mizani ni urefu wa sauti. Miongozo mingi ya kazi hii huhesabu maneno kwa dakika, na imetungwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwetu hesabu hiyo hupotosha, kwa sababu "watakapokaribishwa" ni neno moja na "na" pia ni neno moja. Afadhali tuhesabu silabi, na lugha yenyewe imeturahisishia: karibu kila irabu ni silabi, ukiongeza ile "m" inayojitegemea kama katika "mtu" na "msikiti". Msimulizi mtulivu, asiyekimbia wala kujivuta, husoma kwa wastani wa silabi 5 kwa sekunde, mbali na pumzi za kati ya sentensi. Wapo wa haraka zaidi, na kila studio ipime ya kwake, lakini kwa rasimu ya kwanza kipimo hicho kinatosha.

Sasa twende Msikiti Mkuu wa Kilwa, kwa sababu hapo mwendo na historia vimepangwa kwa mstari mmoja. Ukumbi wa kaskazini, wenye kibla, ndio mkongwe, na leo hauna paa. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa baadaye, nayo bado ina kuba kadhaa. Rubani akiruka kutoka kusini kwenda kaskazini, picha inasimulia ujenzi kinyumenyume: kwanza sehemu mpya iliyofunikwa, kisha ya zamani iliyo wazi, na mtazamaji asiye na habari atadhani ukumbi usio na paa ni kipande kilichoachwa kabla hakijakamilika. Akiruka kutoka kaskazini kwenda kusini, ujenzi unafunguka kwa mpangilio wake. Basi uamuzi wa kwanza wa mwandishi ni kumwomba rubani aanzie upande wa kibla, hata kabla hajaandika neno lolote.

Tuseme kipande hicho kina sekunde 25, droni iko mita 25 juu na inakwenda mita 2 kwa sekunde. Itakuwa imesafiri mita 50, umbali wa kutosha kuanzia nje ya ukuta wa kaskazini na kuishia upande wa kusini. Mhariri anatuandikia matukio mawili tu ya picha: ukumbi wa kaskazini unaingia kwenye fremu sekunde ya 6, na kuba zinaanza kuingia sekunde ya 12. Sentensi ya kwanza ni hii: "Sehemu hii ya kaskazini ndiyo kongwe." Ina silabi 14, yaani karibu sekunde 3. Ikianza sekunde ya 7, inakwisha karibu na ya 10. Ya pili: "Baadaye Kilwa ikatajirika, na msikiti ukaongezwa kuelekea kusini." Ina silabi 30, sekunde 6 na nusu pamoja na kituo cha mkato. Ikianza sekunde ya 10 na nusu, silabi 13 zitatangulia neno "msikiti", kwa hiyo neno hilo litasikika kati ya sekunde ya 13 na ya 14, wakati kuba ya kwanza imeshaonekana kwa zaidi ya sekunde moja. Kuchelewa huko kumekusudiwa. Jicho likipewa kitu kipya huhitaji muda mfupi kukitambua, na sauti ikija juu ya muda huo haisikiki. Ikija mapema kabisa, kabla ya kuba, msikilizaji ataanza kuzitafuta pembeni mwa fremu na kukosa kuona zilivyojitokeza. Sentensi inamalizika sekunde ya 17. Sekunde 8 zinazobaki hazina maneno.

Geuza maneno ya sentensi ile uone kinachoharibika. "Msikiti ukaongezwa kuelekea kusini baadaye, Kilwa ilipotajirika" inabeba habari ileile, lakini maneno "msikiti ukaongezwa" yanasikika wakati mtazamaji bado yuko juu ya ukumbi wa kale, na kuba zikishaonekana msimulizi anazungumzia utajiri. Mswada ukisomwa kwenye karatasi hakuna atakayeona kasoro. Dalili hujitokeza kwenye chumba cha uhariri, pale mhariri anapoanza kuisogeza sauti mbele na nyuma bila kupata mahali inapokaa. Mara nyingi lawama humwendea yeye, ilhali tatizo ni mpangilio wa vishazi.

Mtagundua kwamba sikutaja karne. Shirika la UNESCO, lililoiingiza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, linasema msikiti ulipanuliwa karne ya 13. Wengine wanaupa upanuzi huo mwanzo wa karne ya 14, na kuna ujenzi upya uliofuata baada ya sehemu kuporomoka. Picha ya angani haiwezi kuamua ugomvi huo, na "baadaye" inabeba kile ambacho picha inathibitisha. Tarehe iliyo salama tuiweke panapoihitaji: Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Pale droni ikizunguka juu ya genge linalotazama bahari, kitu kinachovuta macho ni bwawa la pembe nane. Sioni haja ya msimulizi kusema "bwawa la pembe nane". Kila mtu anazihesabu mwenyewe. Aseme ni la nani na ni la wakati gani, mambo ambayo hakuna kamera itakayoyaonyesha.

Hapo inakuja pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: je, wasioona? Na mgeni ambaye hajui anachokitazama? Kwa mgeni, jibu ni kutenganisha kutaja na kueleza. Kitu kitajwe jina mara moja, kisha maelezo ya umbo yaachiwe picha. Kwa wasioona, njia sahihi ni kuandaa sauti ya pili ya maelezo, iliyotungwa kwa ajili yao tangu mwanzo. Kulazimisha sauti moja itumikie makundi yote mawili hutoa simulizi inayomwambia mwenye macho anachokiona, na bado haimtoshi asiyeona, kwa sababu huyo anahitaji mengi zaidi.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa kazi. Mteja, aghalabu bodi au hoteli, hutaka kuidhinisha maneno kabla ya siku ya kuruka, kwa hiyo maneno hayawezi kungoja picha. Ni kweli. Lakini kinachoidhinishwa kiwe mswada wa safu mbili, mwendo upande mmoja na sentensi upande wa pili, na izingatiwe kwamba hoja ndizo zinazoidhinishwa, mpangilio wa vishazi ukabaki huru. Baada ya kuruka, mwandishi husoma sentensi zake kwa sauti ya muda juu ya picha halisi, hupunguza na kugeuza, ndipo msimulizi huitwa studio. Wapo wanaosema mhariri anaweza kupunguza kasi ya picha hadi sauti itoshe. Anaweza, iwapo picha zilipigwa kwa fremu 50 kwa sekunde na filamu inatoka kwa 25. Kasi ikishuka chini ya nusu, mwendo huanza kukwamakwama. Hata ndani ya nusu hiyo, mawimbi ya mlango wa bahari wa Kilwa yatajivuta isivyo kawaida, na mtu anayetembea ufukweni atafichua hila hiyo papo hapo.

Kuna pia suala la ukimya. Sauti inayonaswa karibu na droni ni mvumo wa panga zake, kwa hiyo picha za angani hufika mezani zikiwa bubu, na mwandishi hushawishika kuujaza ububu huo kwa maneno. Ule muda wa sekunde 8 juu ya kuba ujazwe na sauti iliyorekodiwa ardhini siku hiyohiyo: upepo, ndege, na watu wa kijijini. Nimesema kijijini kwa makusudi. Miswada mingi ya magofu hupenda "mji uliosahauliwa", na kutoka ardhini maneno hayo yanaweza kupita. Droni ikipanda mita 60 juu ya Kilwa Kisiwani, paa za nyumba za wakazi zinaingia kwenye fremu pamoja na kuta za kale, na msimulizi anayeendelea na kusahauliwa anakanushwa na picha yake mwenyewe. Mwandishi ana njia mbili: amwombe rubani asipande, au abadilishe sentensi. Ya kwanza ni kuficha watu ili neno lipone, na mimi siikubali.

Limebaki jambo la matoleo ya lugha nyingine. Filamu hizi hutoka pia kwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachotafsiriwa mwisho, kikibanwa ndani ya sekunde zilizopimwa kwa lugha ya kwanza. Njia nyepesi ni kumpa kila mwandishi orodha ya matukio ya picha pamoja na hoja za kusemwa: sekunde ya 6 ukumbi wa kale, sekunde ya 12 kuba, sekunde ya 17 kimya. Asikabidhiwe sentensi ya mwenzake. Mwandishi wa Kijerumani ataweka kitenzi chake anapojua, nasi tutaweka chetu, na kuba zitaingia wakati wake kwa wote.