Bei ya maharagi kwenye profoma



Leo tuongee profoma, maana ndipo makuta yetu yanapotelea. Tuseme shule moja ya hapa Bukavu inaomba kilo 960 za maharagi safi. Ku soko ya Kadutu unanunua magunia 10 ya kilo 100, kila moja dola 80: ni 800. Ukisha kuchagula majiwe na yenye kuoza, kila gunia linabakia na kilo 96. Gari na wabeba mizigo, 40. Jumla 840, ni kusema senti 87 na nusu kwa kilo. Mwenye kugawanya 800 kwa kilo 1000 anaona senti 80, anaandika 85, na anapoteza dola 24.

Sasa uliza: watalipa lini? Kama ni kisha miezi 2, na feza yote ulikopa kwa asilimia 5 kila mwezi, faida ya deni ni 84. Hata ukiandika senti 95, unapoteza 12. Ukiandika dola 1, unabakia na 36.

Ku profoma andika bei kwa dola, ao franka kwa kiwango cha siku ya malipo. Ambatanisha patenti ao namba ya RCCM. Usipeleke muzigo bila bono ya komande yenye sahihi na muhuri. Pale shuleni pimeni pamoja, ekonomu asaini bono ya kupokea. Bila hiyo, faktira yako iko karatasi tu.

Wakikuomba ushuke chini ya senti 97, achia wengine.