Mistari Miwili ya Dola: Skeli ya Kawaida na Skeli ya Logarithimu katika Chati za Miaka Mingi

Mhadhara wa umma, Terrat, Arusha

  

Nimeombwa nizungumzie chati za bei za muda mrefu. Nimechagua bei moja tu, bei ya dola ya Marekani kwa shilingi yetu, kwa sababu hapa Arusha inamgusa karibu kila mtu: anayepokea malipo ya safari, anayeuza tanzanaiti, anayenunua vipuri vya gari, hata anayejiuliza akiba yake aiweke wapi. Watu wengi sasa wana chati hiyo kwenye simu. Wanachora mstari juu yake, wanautazama unavyopanda, kisha wanaamua mambo mazito. Hoja yangu jioni hii ni kwamba mstari huo unaweza kusema jambo moja na kinyume chake, kwa takwimu zilezile, kutegemea skeli mliyoichagua, na mara nyingi mchoraji hajui kwamba alichagua.

Tuanze na takwimu zenyewe. Ni wastani wa mwaka wa bei rasmi, nami nimezikadiria ili tusichoshane. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa shilingi 17.5. Mwaka 1990 ilikuwa 195. Mwaka 2000 ilikuwa 800, mwaka 2010 ikawa 1,410, na mwaka 2020 ikafika 2,290.

Sasa chukueni karatasi. Kwa upana, kila mwaka tuupe nusu sentimita. Kwa wima, kila shilingi 100 tuipe sentimita moja. Hii ndiyo skeli ya kawaida: shilingi 100 zina urefu uleule popote zilipo, ziwe za mwaka 1985 au za mwaka 2020. Tukiunganisha nukta zetu, kipande cha 1985 hadi 1990 kinapanda sentimita 1.8 tu, na pembe yake na mstari wa chini ni kama nyuzi 35. Vipande viwili vinavyofuata vina nyuzi 50 na 51. Cha mwisho, 2010 hadi 2020, kinapanda sentimita 8.8, na pembe yake inafika nyuzi 60. Mtu yeyote akiitazama karatasi hii atasema shilingi ilianza kuanguka polepole na kila muongo inaanguka kwa kasi zaidi.

Wazee mliokuwa na familia za kulisha mwaka 1987 mnajua kwamba picha hiyo si ya kweli. Dola iliyopanda kutoka 17.5 hadi 195 iliongezeka mara kumi na moja ndani ya miaka mitano. Ile iliyopanda kutoka 1,410 hadi 2,290 haikufika hata mara mbili katika miaka kumi. Mfugaji haelezwi jambo hili mara mbili: ng'ombe watano wakizaliwa kwenye boma la ng'ombe kumi ni neema, wakizaliwa kwenye boma la mia tano ni mwaka wa kawaida.

Karatasi ya pili inapima kwa jicho la mfugaji huyo. Upana hatuugusi. Kwa wima, tunagawa sentimita 8 kwa kila ongezeko la mara kumi: kutoka 10 hadi 100 sentimita 8, kutoka 100 hadi 1,000 sentimita 8, kutoka 1,000 hadi 10,000 sentimita 8. Hii ndiyo skeli ya logarithimu, kutokana na hesabu aliyoichapisha John Napier wa Uskoti mwaka 1614. Urefu kwenye karatasi hii hauhesabu shilingi ngapi zimeongezeka. Unahesabu bei imezidishwa mara ngapi.

Tukiweka nukta zilezile, kipande cha 1985 hadi 1990 kinapaa sentimita 8.4 kwa pembe ya nyuzi 73. Cha miaka ya tisini kina nyuzi 44. Cha 2000 hadi 2010 kina nyuzi 21, na cha mwisho kina nyuzi 19. Ule mwinuko uliokuwa ukikazana sasa unalegea. Ukitaka kuuhakiki bila karatasi, tafuta ongezeko la asilimia kwa mwaka. Kwa kipande cha 2000 hadi 2010, kwenye jedwali la kompyuta andika:

```
=(1410/800)^(1/10)-1
```

Utapata asilimia 5.8 kwa mwaka. Kwa njia hiyohiyo, miaka ya 1985 hadi 1990 inatoa asilimia 62, miaka ya tisini asilimia 15, na 2010 hadi 2020 asilimia 5. Mfuatano huo unalingana na pembe za karatasi ya pili, wala haulingani na za karatasi ya kwanza.

Hadi hapa tumeunganisha nukta tu. Matatizo makubwa yanaanza pale mtu anapochukua rula na kuendeleza mstari mbele, yaani anapochora mstari wa mwelekeo. Naomba tuende taratibu hapa.

Tuchukue nukta mbili, 2000 na 2010, tuchore mstari ulionyooka unaopita kwenye nukta hizo, kisha tuuendeleze hadi 2020. Kwenye skeli ya kawaida mstari huo unasema dola inaongezeka shilingi 61 kila mwaka, kwa hiyo mwaka 2020 ungepaswa kuikuta kwenye 2,020. Bei halisi ilikuwa 2,290. Bei imeuvunja mstari kwa juu, na mchambuzi anaandika: shilingi inadhoofika kuliko mwelekeo wake. Kwenye skeli ya logarithimu mstari uliopita nukta zilezile mbili unasema dola inaongezeka asilimia 5.8 kila mwaka, kwa hiyo mwaka 2020 ungeikuta karibu na 2,485. Bei halisi, 2,290, iko chini ya mstari. Mchambuzi wa pili anaandika: shilingi inajikaza kuliko mwelekeo wake.

Hakuna aliyekosea hesabu. Mstari ulionyooka kwenye karatasi moja ni mstari uliopinda kwenye nyingine. Shilingi 61 kwa mwaka zilikuwa karibu asilimia 7.6 ya bei ya mwaka 2000, lakini asilimia 4.3 tu ya bei ya mwaka 2010. Kwa hiyo mstari wa skeli ya kawaida, ukihamishiwa karatasi ya pili, unazidi kulala. Ule wa asilimia 5.8, ukihamishiwa karatasi ya kwanza, unapinda kuelekea juu. Katikati ya nukta hizo mbili mistari hiyo hutofautiana kidogo tu: mwaka 2005 mmoja unapita kwenye 1,105 na mwingine kwenye 1,062. Baada ya nukta ya pili huachana, na kadiri mnavyokwenda mbele ndivyo pengo linavyotanuka. Mwaka 2024 mmoja umefika 2,264 na mwingine 3,117. Kwa kampuni ya utalii yenye ankara ya dola laki moja, pengo hilo ni zaidi ya shilingi milioni 85.

Kuna mwaka ambao mistari yote miwili ilikubaliana. Mwaka 2015 dola ilikuwa imepata nguvu duniani kote, na wastani wake hapa ulikuwa karibu 1,990. Mstari wa kwanza ulitarajia 1,715, wa pili 1,872. Bei ilikuwa juu ya yote miwili. Uvunjaji wa namna hiyo nauamini, kwa sababu hautegemei karatasi. Unaoonekana kwenye skeli moja na kutoweka kwenye nyingine, nausubirisha.

Mtaniuliza: sasa tuchukue ipi? Kwa bei ya fedha kwa fedha, na kwa muda wa miaka mingi, nasema logarithimu, na sababu yangu ni hii. Mwaka 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola ilipandishwa kutoka shilingi 17 hadi 40. Ukiitazama dola, imepanda asilimia 135. Ukiitazama shilingi, imeshuka asilimia 57.5. Tukio ni lilelile, ila limepata namba mbili zisizofanana, na kwenye skeli ya kawaida limepata michoro miwili isiyofanana. Ukichora thamani ya shilingi kwa dola badala ya bei ya dola kwa shilingi, mstari uliokuwa umenyooka unapinda. Kwenye karatasi yetu ya pili, dola imepanda sentimita 3 na shilingi imeshuka sentimita 3 zilezile. Chati moja ni kivuli cha nyingine, na mstari ulionyooka unabaki umenyooka. Jibu linalobadilika kwa sababu tu umeuliza kutoka upande wa pili wa kaunta si jibu la kutegemea.

Sasa nionye kuhusu nyuzi zenyewe. Nimezitaja kwa sababu karatasi niliipima mimi. Upana wa mwaka ukiwa sentimita moja badala ya nusu, zile nyuzi 60 zinakuwa 41, na zile 19 zinakuwa 10. Kwenye simu, vidole viwili vinatosha kufanya hivyo. Kwa hiyo anayefundisha kwamba mwelekeo wenye afya una nyuzi 45 anafundisha umbo la kioo cha simu yake. Kinachobaki imara kwenye chati moja ya logarithimu ni ulinganifu: mistari miwili inayokwenda sambamba, hata mmoja ukiwa kwenye shilingi 20 na mwingine kwenye 2,000, ina asilimia ileile kwa mwaka. Kwenye skeli ya kawaida mistari sambamba ina shilingi zilezile kwa mwaka tu. Ukimpa mwenzako mstari wako, mpe nukta zake mbili, skeli yake na asilimia yake; nyuzi ziache.

Logarithimu nayo ina mipaka. Haipokei sifuri wala hasi: tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi wa Marekani ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri, na siku hiyo haina mahali pa kuwekwa kwenye karatasi ya pili. Kwa miezi michache, dola ikicheza kati ya 2,290 na 2,320, skeli zote mbili hutoa mstari uleule kwa macho. Aidha karatasi ndefu huficha maumivu ya karibu. Kupanda kutoka 2,300 hadi kukaribia 2,700 katikati ya 2024 kuliwaumiza wengi waliokuwa wakitafuta dola mjini hapa, lakini kwenye karatasi yetu hakufiki hata milimita 6. Mwenye deni la dola mwaka huo alilipa shilingi, hakulipa uwiano, na kwa swali lake chati ya miezi ishirini na nne kwa skeli ya kawaida ingemfaa zaidi.

Mpaka mwingine hakuna skeli inayouvuka. Kabla ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 kuruhusu maduka ya kubadilishia fedha, bei rasmi ilikwenda kwa ngazi: inakaa, kisha serikali inaipandisha, huku bei ya magendo ikiwa mbali juu yake. Mstari unaogusa pembe za ngazi hizo unapima tarehe za maamuzi ya serikali. Ndiyo maana nukta zangu za kuchorea mstari zimeanza mwaka 2000, ingawa karatasi ilianza 1985. Na chati ya wastani wa mwaka haifai kumwambia mtu abadilishe fedha Jumatatu au Ijumaa.

Kwenye programu nyingi za chati za simu kuna kitufe kidogo kilichoandikwa Log, pembeni mwa safu ya bei. Kwenye Excel utakikuta kisanduku cha Logarithmic scale ndani ya Format Axis. Mbele ya kila mstari mnaoletewa, kibonyezeni, mchore upya mstari ulionyooka kupitia nukta zilezile mbili, mwone kama bei bado iko upande uleule wa mstari. Maswali yenu nayapokea, na wazee waanze.