Sakafu ya Moto au Reli ya Taulo?

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni alituletea swali. Binti yake anakaa Uingereza, katika nyumba yenye bafu lililo baridi sana wakati wa Desemba. Mama huyo atakwenda kukaa naye miezi mitatu, na mna mtoto mdogo nyumbani. Binti anauliza: atandike waya za umeme chini ya vigae vya sakafu, au atundike reli ya moto ya kuanikia taulo ukutani? Chukua kalamu, tupige hesabu pamoja.

Bafu lake lina eneo la mita 4 za mraba. Lakini waya haziwekwi chini ya beseni la kuogea wala chini ya kabati, kwa sababu pale joto halina pa kutokea. Basi zinabaki mita 2 na nusu. Mkeka wa waya za namna hii kwa kawaida hutumia wati 150 kwa kila mita ya mraba. Zidisha: 150 mara 2.5 ni wati 375. Reli aliyoiona dukani ni ya wati 200.

Utasema, basi reli ni rahisi. Ngoja kwanza. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Sakafu ikiwaka saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, itakula uniti moja na nusu, au pungufu, maana themostati huizima ikishapata joto la kutosha. Reli nyingi hazina themostati ya namna hiyo, na watu huziacha zikiwaka usiku na mchana. Wati 200 kwa saa 24 ni uniti 4.8. Tukikadiria peni 25 kwa uniti, sakafu itagharimu peni 37 na nusu kwa siku, na reli peni 120. Lakini reli hiyo hiyo ikifungiwa saa ya kuizima, ikawaka saa nne tu, itagharimu peni 20. Kumbe gharama imo katika saa za kuwaka kuliko katika kifaa chenyewe.

Sasa hatari. Maji na umeme havikai pamoja, kwa hiyo vyote viwili vifungwe na fundi wa umeme aliyehitimu, na swichi iwe nje ya bafu. Lazima pawe na swichi ya usalama inayokata umeme mara unapovuja miliampea 30. Baada ya hapo hatari zao ni mbali mbali. Reli huwa ya moto kweli, na mkono wa mtoto hufika. Itundikwe juu, asiifikie. Sakafu haiunguzi, maana uso wake huwekwa usizidi nyuzi 29 hivi. Ubaya wake umefichika chini ya vigae: mtu akija baadaye kutoboa sakafu ili kufunga choo, atakata waya. Dalili yake ni swichi ya usalama kukatika kila sakafu inapowashwa, au sakafu kubaki baridi kabisa. Hapo vigae vitabomolewa. Reli iliyoharibika fundi huifungua ukutani na kufunga nyingine.

Kwa hiyo fundi apime ukinzani wa waya mara tatu: kabla ya kutandika, baada ya kutandika, na baada ya vigae kuwekwa. Kwa mkeka huu wa wati 375, katika umeme wa volti 230, kipimo kiwe karibu na omu 141. Kikibadilika sana, asimamishe kazi. Tena asiwashe sakafu mpaka gundi ya vigae ikauke, kwa siku zile zilizoandikwa na mtengenezaji. Na chini ya mkeka aweke mbao za kuzuia joto, la sivyo saruji italinyonya, na miguu itangoja sana.

Je, raha? Mama aliyezoea joto la pwani atafurahia sakafu, kwa kuwa baridi ya vigae humwingia mtu kwa miguuni. Na maji yaliyomwagika hukauka upesi. Lakini haikaushi taulo. Reli huikausha, ila ukiifunika kwa taulo nzito joto haliendi chumbani. Tena wati 375, sembuse 200, huenda zisitoshe kulitia joto bafu lenye ukuta wa nje usiku wa barafu. Hita ya chumba ibaki palepale.

Mimi ningemwambia binti hivi: kama vigae vinang'olewa mwaka huu kwa sababu nyingine, tandika sakafu sasa. Kama havingolewi, nunua reli, na siku hiyo hiyo nunua na saa ya kuizima.