Mawese Yasipoteze Wekundu Wake

(Maneno yaliyosemwa na wanakamati wa lishe siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Kigoma)



Tumepewa nafasi tuseme habari ya chakula. Wengi mlitazamia tueleze hisa na mikopo, lakini hayo Mweka Hazina amekwisha kuyasoma vizuri. Sisi tunataka kusema juu ya mawese, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Mnakumbuka miaka yetu ya mwanzo tulikuwa tukinunua mawese kwa dumu, tunayatia kwenye sufuria kubwa, tunachochea kuni mpaka moshi unafuka na harufu inakwisha. Mafuta yakitoka pale yalikuwa ya manjano hafifu, karibu kama maji ya chai isiyokolea. Wateja waliyapenda, eti ni masafi. Tulipata faida, na yaliyobaki tukapeleka nyumbani tukapikia watoto wetu.

Kisha mtoto wa mwenzetu mmoja, wa miaka mitatu, akaanza kujikwaa jua likizama. Mchana anacheza na wenzake, jioni anapapasa ukuta. Mama yake akadhani ni utundu. Alipompeleka zahanati, mganga akampa mtoto matone ya vitamini A, akamwuliza mama anapikia nini. Mama akajibu kwa kujiamini, “Mawese, kila siku.” Mganga akauliza, “Yana rangi gani?” Hapo ndipo sote tuliposhtuka.

Ule wekundu tuliokuwa tukiuchoma ndio wenyewe. Unaitwa karotini, na mwili unaugeuza kuwa vitamini A, ile inayomwezesha mtu kuona penye mwanga mdogo na inayomsaidia mtoto kupambana na surua na kuhara. Karotini imo pia katika majani ya maboga, matembele na sombe, lakini kwenye majani imefungwa ndani na mwili hupata sehemu ndogo tu. Kwenye mawese imekwisha kuyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mwili huipokea kwa urahisi zaidi. Tena sombe iliyotiwa mawese inafaa kuliko sombe tupu, maana mafuta yanasaidia hata ile ya majani ipokelewe. Wazee wetu walipika hivyo bila kufundishwa na mtu.

Sasa, moto. Karotini inavumilia kuchemka. Mboga yenye maji haipiti joto la maji yanayochemka, na humo wekundu hupungua kidogo tu. Kinachoiharibu ni mafuta matupu juu ya moto mkali. Yakifika nyuzi 200 na kuzidi, kama tulivyofanya sisi na kuni zetu, inavunjika na hairudi tena. Jikoni hatuna kipimajoto, basi tumezoea kutazama hivi. Tia kipande kimoja cha kitunguu. Kikitoa mapovu taratibu na kubaki cheupe kwa muda, moto unafaa. Kikigeuka kahawia mara moja, toa makaa mawili matatu jikoni. Moshi ukianza kufuka umechelewa, na ukiona mafuta yamegeuka kutoka wekundu kuwa manjano, hapo umebakiwa na mafuta ya kulainisha chakula tu.

Njia tunayoipenda zaidi ni kuyatia mwishoni. Maharage yachemshwe yaive. Kitunguu na nyanya vipikwe na maji kidogo mpaka vilainike, changanya na maharage, kisha ndipo utie mawese, ufunike, uache kwa moto mdogo kama dakika tano au kumi. Migebuka ya mchuzi nayo hivyohivyo. Kwa uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, ipua kwanza, halafu koroga nusu kijiko cha chai ndani ya bakuli lake. Asiyependa ile harufu azidishe kitunguu na ndimu, asiichome.

Kiasi gani? Hapa wengi wanazidisha wakidhani wingi ndio afya. Kijiko kimoja cha chai kwa siku kinamtosha mtoto mdogo, hata tukihesabu kinachopotea jikoni. Mtu mzima vijiko viwili. Mama anayenyonyesha vitatu, yaani kijiko kimoja cha mezani, kwa sababu anamgawia na mtoto kupitia maziwa. Karotini ikizidi haina sumu; mwili hugeuza inayohitaji, na inayobaki huweza kufanya viganja kuwa vya manjano. Lakini mafuta yenyewe yanabaki kuwa mafuta. Karibu nusu ya mawese ni ile aina inayoganda, ambayo ikizidi si nzuri kwa moyo, na wenye presha hapa wanatuelewa. Kwa hiyo mawese yachukue nafasi ya mafuta mengine sufuriani, yasiongezwe juu yake.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Kuna baba, mama anayenyonyesha, watoto wa miaka tisa, sita na mitatu, na mchanga aliye kwenye ziwa tu. Baba viwili, mama vitatu, watoto kimoja kimoja: vijiko vinane vya chai. Hivyo ni pungufu kidogo ya vijiko vitatu vya mezani, kwa sufuria nzima za siku hiyo. Kwa mwezi inakuwa kama lita moja na robo kasoro kidogo. Si mengi, jamani! Wengi wetu tunamaliza hayo kwa wiki moja ya kukaanga.

Ndiyo maana dumu la lita 20 si la kuweka nyumba moja. Litakaa zaidi ya mwaka, na mawese yanaharibiwa na hewa na jua hata kabla ya kufika jikoni. Yale ya kwenye chupa nyeupe zilizopangwa juani sokoni tusiyanunue, hata muuzaji awe shangazi yako. Nyumbani yakae kwenye chombo chenye kifuniko, mahali pa giza. Yakinusa uchungu au yakikwaruza koo, yamechacha. Na msiogope yakijitenga, ya chini yameganda na ya juu ni maji mekundu. Siyo kwamba yamechanganywa. Wekundu mwingi uko kwenye yale ya juu, basi aliyechota juu amewapunja wenzake. Weka dumu kwenye maji ya uvuguvugu, tikisa, ndipo ugawe.

Neno moja kwa akina mama wenye watoto wadogo. Mawese ni chakula, si dawa. Mtoto anayepapasa jioni, au mwenye macho makavu, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Na yale matone ya kila miezi sita kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano yaendelee kama kawaida, hata nyumba yenu ile mawese kila siku.

Yule mtoto wa mwenzetu sasa yuko darasa la tano, na yumo humu ukumbini anasubiri soda. Biashara ya kuchoma mafuta tuliiacha, na tukapoteza wateja wengine kwa sababu hiyo. Badala yake tunapendekeza kikundi kinunue dumu moja mbichi kila mwezi kwa pesa za mfuko wa jamii. Nyumba 16 za ukubwa ule tuliohesabu zinagawana sawa, lita moja na robo kila moja. Wanaotaka kuingia waje na chombo chenye kifuniko Jumamosi ya mkutano, kabla ya kufungua sanduku la hisa.