Dada Akikutana na Binti Katika Mirathi

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya Swala ya Alasiri, Nairobi)



Ndugu zangu, mama mmoja wa Kawangware aliniuliza swali nikiwa nasubiri matatu hapa mjini, na ndilo nililowaletea leo. Kaka yake amefariki. Ameacha mke, mabinti wawili, yeye dada yake wa baba na mama mmoja, na ndugu mwanamume wa kwa baba tu. Wazazi walishatangulia, na mtoto wa kiume hakuna. Kwenye matanga huyo ndugu akasema: "Nyinyi wanawake chukueni mafungu yenu, kinachobaki ni cha mwanamume." Mama akaniuliza, je, ni kweli?

Tuseme baada ya kulipa mazishi na madeni zimebaki shilingi 2,400,000, na marehemu hakuacha wasia. Mke ana thumni kwa sababu kuna watoto, yaani 300,000. Mabinti wawili wana theluthi mbili, 1,600,000, kila mmoja 800,000. Zinabaki 500,000. Hizi ndizo za ugomvi.

Tuliosoma chuoni tunajua kwamba dada peke yake, bila mtoto wa marehemu, ana fungu lake la nusu. Aya ya mwisho ya Suratun Nisaa imelitaja, lakini imeshurutisha marehemu asiwe na mtoto. Hapa mabinti wapo, basi ile nusu haipo tena. Wengine husimama hapo wakasema dada ametoka patupu. Hiyo ndiyo rai iliyopokelewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Wanachuoni wengi, na Mashafii tulio wengi hapa Kenya tumo, wanasema dada hakutoka, amebadilika jina tu. Amekuwa asaba pamoja na binti: hana fungu maalumu, anachukua kilichobaki.

Dalili yao imo katika Sahihi Bukhari. Abu Musa (R.A.) aliulizwa kuhusu binti, binti wa mtoto wa kiume, na dada. Akampa binti nusu na dada nusu, akawaambia wamuulize Ibn Mas'ud, atakubaliana naye. Ibn Mas'ud (R.A.) hakukubaliana. Alisema atahukumu kama alivyohukumu Mtume (S.A.W.): binti nusu, binti wa mtoto wa kiume sudusi, na kinachobaki ni cha dada. Abu Musa aliposikia akawaambia watu wasimuulize yeye maadamu mwanachuoni huyo yupo kati yao. (Sisi ukimkosoa mtu kwenye matanga, mnakosana mpaka arubaini!)

Turudi kwa yule ndugu. Yeye naye ana hadithi, ile isemayo mafungu wapewe wenyewe kisha kinachobaki apewe mwanamume aliye karibu zaidi. Hadithi ni sahihi. Ila hukumu ya Ibn Mas'ud inahusu dada na binti hasa, kwa hiyo wanachuoni wengi huitanguliza mahali hapa. Na dada wa baba na mama akishakuwa asaba kwa ajili ya mabinti, husimama mahali pa kaka wa baba na mama. Kaka huyo angekuwepo, ndugu wa kwa baba asingepata kitu. Basi hata dada anamzuia. Zile 500,000 zote ni za yule mama wa Kawangware.

Mwingine atasema, si tungempa ile nusu yake tu? Tupige hesabu. Katika 24, mke ana 3, mabinti 16, dada 12, jumla 31. Mali haitoshi, kila mtu apunguziwe, na mabinti washuke kutoka 1,600,000 hadi kama 1,238,700. Kwa kuwa dada anangoja kinachobaki, mayatima hawapunguziwi hata senti.

Lakini kungoja kuna hatari yake. Mama wa marehemu angekuwa hai angechukua sudusi, 400,000, na dada abaki na 100,000. Angekuwepo mtoto wa kiume au baba, dada hapati kitu. Kwa upande mwingine binti angekuwa mmoja, angepata 1,200,000, mke 300,000, na dada 900,000. Na haya yote ni ya dada wa baba na mama, au wa kwa baba akikosekana huyo. Dada wa kwa mama tu hapati kitu akiwepo binti.

Wenzetu Ithnaashari hawagawi hivi. Kwao binti humzuia dada kabisa. Kwa hiyo mkienda kwa Kadhi semeni madhehebu ya marehemu mapema. Na Katiba ya 2010 inataka wahusika wote wawe Waislamu na wakubali mahakama hiyo.

Yule mama nilimwambia kwanza aende kwa chifu apate barua inayotaja warithi, na ndani yake waandikwe wazi nani ni wa baba na mama, nani wa kwa baba. Barua nyingi huandika "ndugu" tu, na hapo ndipo 500,000 hupotea.

Wabillahi tawfiq.